Nyumba zangu iliyopo: kusahihisha lugha ya hati ya uwakala

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Wete. Shangazi yangu anaishi Maskati na anataka kumpa ami yangu hati ya uwakala amsimamie mali zake za huku Pemba. Kanitumia rasimu kabla hajaenda kutia saini ubalozini, akaniambia "nipitie lugha tu." Kipengele kikuu ni hiki: "Ninamteua ndugu yangu kuwa wakala wangu wa kusimamia nyumba zangu iliyopo Limbani pamoja na shamba langu lililopo Konde, yaani kukarabati, kupanga, kupokea kodi, kuuza mikarafuu kila msimu na kuuza kwa idhini yangu ya maandishi, kuwakilisha hati zote zinazohitajika, kuweka fedha katika akaunti yake na kufanya mambo mengine yote." Makosa ya sarufi nayaona. Niyasahihishe tu, au kuna masahihisho yanayobadili kile anachopewa ami?

Jibu: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Yapo, na karibu kila kosa unaloliona humo ni la aina hiyo. Hata moja nisingelisahihisha kimya kimya, ijapokuwa mengine ukiyakuta kwenye daftari la mwanafunzi unayapiga kalamu nyekundu bila kufikiri mara mbili.

Sababu ni namna hati hii inavyosomwa. Hati ya uwakala, ile watu wanayoiita pawa ofu atoni, haisomwi kama barua ya shangazi kwa ndugu yake. Ami akifika kwa ofisa wa ardhi, au mnunuzi akipeleka mgogoro mahakamani, kinachotazamwa ni maneno yaliyomo. Kanuni hiyo ni kongwe. Mwaka 1893 Baraza la Faragha la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, liliamua rufaa kutoka Kanada, Bryant, Powis and Bryant dhidi ya La Banque du Peuple. Wakala katika kesi ile alikuwa amepewa nguvu nyingi za biashara, za kununua, kuuza na kukodi meli, naye akaenda kukopa. Mahakama ikasema nguvu ya kukopa haimo. Nguvu anayoidai wakala lazima ionekane ndani ya waraka wenyewe, ama imetajwa wazi, ama ni ya lazima ili lile lililotajwa liweze kufanyika. Mawakili wa Zanzibar husoma hati hizi kwa jicho hilohilo.

Kwa hiyo kosa la sarufi linaweza kumvuta ami upande wowote. Likimpunguzia nguvu, mtalijua mapema, kwa sababu atarudishwa dirishani na karatasi zake mkononi. Likimwongezea, hakuna atakayemrudisha, na shangazi atakuja kulijua siku mali imeshakwenda.

Tuanze na hilo ulilonalo kwenye mstari wa kwanza, "nyumba zangu iliyopo." Unaijua ngeli hii kuliko mimi: nyumba, akaunti, hati, hisa, hazibadiliki umoja na wingi. Mzigo wote wa hesabu umebebwa na herufi moja ya upatanisho. "Zangu" inasema ni nyingi, "iliyopo" inasema ni moja, na moja kati ya hizo mbili imekosewa. Ukiandika "nyumba yangu iliyopo Limbani," sarufi imetulia na ami amepewa nyumba moja. Ukiandika "nyumba zangu zilizopo Limbani," sarufi imetulia vilevile, na ami amepewa kila nyumba ya shangazi iliyoko Limbani, hata ile ambayo pengine alikusudia kumwachia binti yake. Sarufi inayakubali masahihisho yote mawili, na haina namna ya kukwambia lipi ni la shangazi.

Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kuliharibu mwenyewe. Miaka ya mwanzo nikipitia rasimu za ofisi moja ya mawakili mjini Unguja, nilikuta "viwanja vyangu kilichopo Fuoni." Sehemu zote nyengine za hati zilizungumzia kiwanja kimoja, basi nikaona "viwanja" ni kosa la mpiga chapa, nikaweka "kiwanja changu kilichopo." Mwenyewe alikuwa nje, akatia saini bila kushtuka. Kumbe alikuwa na viwanja viwili vilivyopakana, na alikuwa amevizoea kuviita kiwanja kwa sababu vimezungushiwa ukuta mmoja. Wakala alipokwenda kuandikisha mauzo akaambiwa hati yake inataja kimoja tu. Ikabidi hati iandikwe upya, isainiwe upya nje, irudishwe, na mnunuzi hakusubiri. Tangu hapo sigusi umoja wala wingi wa mali ya mtu bila kumuuliza mwenye mali.

Hata baada ya kuuliza, usiiachie herufi moja kazi hiyo. Iandike hesabu: "nyumba yangu moja," au "nyumba zangu mbili," kisha kila moja ielezwe kwa namna ambayo jirani au sheha angeitambua, pamoja na namba ya hati yake kama anayo. Mpiga chapa akija kukosea "y" na "z" tena, neno "moja" litamsuta.

Sasa orodha. Kiswahili kina tabia moja inayowasumbua sana waandishi wa hati: vitenzi vyetu vyote vya orodha vinaanza na ku-, na mtu akishaanza kuvipanga, kukarabati, kupokea, kuuza, kuweka, hujui tena kipi kimeshikana na kipi. Katika kipengele chako matatizo matatu yamejificha humo.

La kwanza ni neno "yaani." Tunalitumia kila dakika tukizungumza, mara nyingi kuvuta pumzi tu, lakini kwenye hati lina kazi yake: linasema kilichokuja nyuma na kinachokuja mbele ni kitu kilekile. "Kusimamia nyumba, yaani kukarabati na kupokea kodi" maana yake usimamizi ni hayo mawili na umeishia hapo. Ami hataweza kumpa mpangaji notisi ya kuhama, kwa sababu haikutajwa. Ungeandika "ikiwemo," mlango unafunguka: yaliyotajwa yanakuwa mifano, na usimamizi unabeba mengine ya sampuli hiyo. Ukibadili neno hilo moja kwa ajili ya ladha ya sentensi, umempa ami zaidi ya alichopewa na dada yake. Mimi binafsi napenda "yaani" pale mwenye mali anapojua hasa anachotaka kifanyike, lakini uamuzi huo ni wa shangazi.

La pili ni mkia: "kwa idhini yangu ya maandishi." Unamfuata nani? Yupo atakayesema unafuata "kuuza" peke yake, kwa kuwa ndicho kitenzi kilicho karibu nao. Yupo atakayesema unafuata vyote, toka "kukarabati." Akishinda huyu wa pili, ami atahitaji barua kutoka Maskati kila bati moja likivuja. Jaribio lake ni jepesi. Chukua mkia uufunge kwa kila kitenzi kimoja kimoja, usome kwa sauti: "kukarabati kwa idhini yangu ya maandishi," "kupokea kodi kwa idhini yangu ya maandishi." Kama sentensi inaleta maana, basi utata upo hai. Hapa zote zinaleta maana. Wengine hudhani koma itawaokoa. Haiokoi, kwa sababu koma huanguka wakati wa kunakili na hakuna anayeilaumu. Utoe mkia huo kwenye orodha, uupe sentensi yake yenye kitenzi chake: "Hatauza nyumba hiyo ila baada ya kupata idhini yangu ya maandishi."

La tatu umelisoma ukalipita, kama nilivyolipita mimi mara ya kwanza. "Na kuuza." Kuuza nini? Lugha yetu inaturuhusu kuacha yambwa pale msikilizaji anapoijua, na barazani sote tunaijua. Kwenye hati, kitenzi kilichokosa yambwa kinarudi nyuma kutafuta, na nyuma yake kuna nyumba, kuna shamba, na karibu zaidi kuna mikarafuu. Kama shangazi alikusudia nyumba tu, amekwisha kulitia shamba lake sokoni. Kila kitenzi kipewe kitu chake, hata kama neno "nyumba" litarudiwa mara tano na masikio yako ya mwalimu yakaumia. Urudiaji unaouita kasoro katika insha ndio usalama wa hati. (Akikubali kwamba kuna cha kuuzwa, mkumbushe pia kuwa ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na kinachohamishwa ni haki ya matumizi. Namna ya kuiandika haki hiyo ni kazi ya wakili wake, usiitunge wewe.)

Nikirudi kwenye mikarafuu, hapa ningekaa zaidi, kwa sababu ndipo Pemba inapotofautiana na kwengine. "Kuuza mikarafuu kila msimu." Msomaji wa bara huenda akaona mi- ni mdomo uliteleza tu, mtu alitaka kusema karafuu. Visiwani kwetu si rahisi hivyo. Mti ni mali. Mtu anaweza kumiliki mikarafuu iliyosimama kwenye ardhi ya mwengine, akaiuza, akairithisha. Kwa hiyo kuuza mikarafuu ni jambo linalofanyika kweli, na mnunuzi aliyesoma hati ile ana haki ya kuamini ami amepewa nguvu hiyo.

Tena yako mambo matatu tofauti hapo, na kila moja lina maneno yake. Kuna kuuza karafuu, yaani zile zilizochumwa, zikachambuliwa, zikaanikwa jamvini, zikapelekwa kwenye kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Kuna kukodisha mikarafuu kwa msimu, ambapo mkodi analipa kabla, anachuma kwa gharama zake na karafuu zote ni zake, miti inabaki ya shangazi. Halafu kuna kuuza mikarafuu yenyewe, miti haikurudii tena. "Kila msimu" inaashiria la kwanza, maana hakuna anayeuza miti ileile kila msimu. Lakini inaweza kuashiria la pili pia, kwa kuwa wapo watu wanaosema "nimeuza mikarafuu yangu mwaka huu" wakiwa na maana ya kuikodisha. Ndiyo sababu hili hulisahihishi kwa kuondoa mi- peke yake. Ukiiondoa, na kumbe shangazi alitaka ami aikodishe miti kwa sababu ami mwenyewe hana nguvu za kusimamia wachumaji, umemnyima kazi aliyopewa. Muulize kwa lugha ya shambani, si ya sarufi: "Shangazi, unataka ami achumishe auze, au amkodishe mtu?" Na makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, je? Nayo huuzwa, na ni vyema yatajwe, yasije yakawa chanzo cha maneno baina ya ndugu. Rasimu zenye minazi na nazi, miembe na embe, zisome kwa jicho hilohilo.

Sasa twende kwenye viambishi vya mwisho wa kitenzi. "Kupanga" nyumba ni kuingia kwenye nyumba ya mtu ukalipa kodi. "Kupangisha" ni kumweka mtu kwenye nyumba yako akulipe wewe. Rasimu inampa ami nguvu ya kwanza: amtafutie shangazi nyumba ya kupanga. Ni kweli "kupokea kodi" inayofuata inaonesha walikusudia la pili, na hakimu mwenye subira angeweza kulifikia. Mpangaji mkorofi anayekataa kusaini mkataba na ami hana subira hiyo. Jamaa za kosa hili ni kukodi na kukodisha, kukopa na kukopesha, kushitaki na kushitakiwa. Kila unapoona kitenzi cha aina hii, jiulize kitu kinatoka kwa nani kinakwenda kwa nani.

"Kuwakilisha hati" ndilo kosa ambalo nina hakika ulishalisahihisha kichwani kuwa "kuwasilisha hati," kwa sababu kila mwalimu wa Kiswahili amelisahihisha maishani mwake. Subiri kidogo. Kuwasilisha hati ni kuzipeleka na kuzikabidhi, na mjumbe yeyote anaweza kuifanya kazi hiyo. Je, kama mwandishi alikuwa anaandika "kuniwakilisha" akaangusha "ni," na "hati zote zinazohitajika" ikabaki kutoka sentensi nyengine aliyoifuta? Hilo hutokea sana kwenye rasimu zilizokatwa na kubandikwa. Kuniwakilisha mbele ya ofisi ya ardhi ni kusimama mahali pa shangazi, kujibu maswali, kuweka saini yake ami pale panapotakiwa saini ya shangazi. Baina ya "s" na "k" pana umbali wa tarishi na naibu. Mara nyingi jibu huwa ni yote mawili, na hapo yaandikwe yote mawili: "kuniwakilisha mbele ya Kamisheni ya Ardhi kuhusu nyumba hiyo, kutia saini kwa niaba yangu na kuwasilisha hati zinazohitajika."

Hili linalofuata ndilo zito kuliko yote, na sarufi yake haina kosa. "Kuweka fedha katika akaunti yake." Sentensi imenyooka, upatanisho sawa, tahajia sawa. Programu ya kukagua maandishi isingeipigia mstari. Lakini yake nani? Hati yako imeandikwa katika nafsi ya kwanza, "ninamteua," "wakala wangu." Katika hati ya namna hiyo mwenye mali ni "mimi," na "yake" haiwezi kuwa ya mwengine isipokuwa ami. Shangazi atakuwa ameandika kwa mkono wake kwamba fedha ziingie kwenye akaunti ya ndugu yake, tena fedha gani hazikutajwa.

Najua lilivyotokea, kwa kuwa nimeliona mara nyingi. Hati nyingi hunakiliwa kutoka kielelezo kilichoandikwa katika nafsi ya tatu: "Mtoa uwakala anamteua wakala kukusanya kodi na kuiweka katika akaunti yake," na huko "yake" ilikusudiwa kuwa ya mtoa uwakala, ingawa hata huko ilikuwa na wasiwasi. Mtu akaja akageuza "anamteua" kuwa "ninamteua," akageuza "nyumba yake" kuwa "nyumba yangu," akapitiwa na moja. Kiambishi cha -ake hakina jinsia wala hakirudi kwa mtendaji kwa lazima, kwa hiyo hakuna kitu kwenye sentensi kitakachokuamsha.

Ukiwa na rasimu kwenye kompyuta, tafuta herufi "ake" kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha "ao," na juu ya kila moja andika jina la mtu anayekusudiwa. Pasipojulikana, weka alama ya kuuliza. Akithibitisha kuwa ni akaunti ya shangazi, usitosheke na "yangu". Litajwe jina la benki na namba ya akaunti. Akisema ni ya ami kweli, kwa kuwa ndiye anayelipa mafundi na wachumaji, hilo ni hiari yake, lakini iandikwe kwa maneno yasiyo na "yake" ndani: "katika akaunti ya wakala wangu, kwa ajili ya kulipia matengenezo na kazi za shamba, na kilichobaki anitumie." Tofauti ya maandishi hayo na "akaunti yake" tupu ni kwamba hapa fedha bado ni za shangazi.

Mwisho wa kipengele kuna "kufanya mambo mengine yote." Watu huiweka kama mtu anayefunga mzigo kwa kamba ya ziada. Mahakama hupenda kuyapunguza maneno mapana ya namna hii na kuyafunga kwa yale yaliyotajwa kabla, lakini mnunuzi na mkopeshaji si mahakama, nao huyasoma kwa upana unaowafaa. Yafungie: "mambo mengine yaliyo ya lazima ili kutekeleza hayo yaliyotajwa." Na hapa ngeli inarudi tena. Ukiandika "mambo mengine yanayohusiana nalo," umelishika shamba peke yake na nyumba imebaki nje. Ukiandika "nazo," umezishika nyumba, au hati, au fedha, chagua. "Nayo" ni mtego mkubwa zaidi, kwa kuwa inaweza kuwa nyumba moja, mikarafuu au mambo yenyewe. Taja jina la kitu, achana na kirejeshi.

Kuhusu namna ya kuifanya kazi yenyewe: iache rasimu ya kwanza kama ilivyo, usiiguse. Kwenye karatasi ya pembeni andika maswali, si masahihisho, na umpelekee shangazi, maana nguvu zinazotolewa ni zake. Usianze kwa ami. Wewe ni mtoto wa watu wawili hawa, na swali la "akaunti ya nani" likimfikia ami kabla ya shangazi, litasikika kama tuhuma. Akikujibu kwa sauti kwenye simu, mrudishie jibu kwa maandishi, naye aandike kuwa ndivyo. Kisha wakili aliyeandaa rasimu ayaingize mwenyewe. Wewe isome tena nakala iliyochapwa upya, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mkono unaorekebisha "iliyopo" ndio unaoangusha "moja."

Yote haya yaishe kabla ya saini. Kosa dogo likionekana pale pale ubalozini, marekebisho ya mkono yawekewe saini fupi ya shangazi na ya anayeshuhudia, kila yalipo. Mimi ningechapisha ukurasa upya. Hati ikishasainiwa, usiguse hata nukta, kwani herufi iliyofutwa kwa wino mweupe inatosha kumfanya ofisa aikatae hati nzima, na hatakuwa na makosa.

Tuseme shangazi amejibu kwamba nyumba ni moja, inapangishwa na inaweza kuuzwa kwa idhini, shamba haliuzwi, ami achumishe karafuu auze, na fedha ziende kwake Maskati. Kipengele kingesomeka hivi, huku nafasi za namba zikijazwa:

"Ninamteua ndugu yangu kuwa wakala wangu kwa mambo yafuatayo. Kwa nyumba yangu moja iliyopo Limbani, Wete, yenye hati namba …: kuikarabati nyumba hiyo, kuipangisha nyumba hiyo na kupokea kodi ya nyumba hiyo. Kwa shamba langu moja lililopo Konde: kuchumisha karafuu za shamba hilo na kuuza karafuu hizo pamoja na makonyo ya karafuu hizo. Wakala wangu hatauza wala hatakodisha shamba hilo, wala miti iliyomo katika shamba hilo. Wakala wangu anaweza kuiuza nyumba hiyo ya Limbani, ila baada tu ya kupata idhini yangu ya maandishi kwa mauzo hayo. Ataniwakilisha mbele ya Kamisheni ya Ardhi kuhusu nyumba hiyo, atatia saini kwa niaba yangu na kuwasilisha hati zinazohitajika. Kodi na fedha zote za mauzo ataziweka katika akaunti yangu namba … ya benki ya …. Ataweza kufanya mambo mengine yaliyo ya lazima ili kutekeleza hayo yaliyotajwa."

Ni ndefu zaidi ya mara mbili na haina utamu. Angalia "hatauza wala hatakodisha": nimekwepa "hatauza na kukodisha," kwa kuwa hiyo inaweza kusomwa kwamba kilichokatazwa ni kuyafanya yote mawili pamoja. Angalia pia kwamba idhini imefungwa "kwa mauzo hayo," ili barua moja ya mwaka huu isije ikatumiwa kwa mnunuzi mwengine mwaka wa kesho. Hilo la mwisho halikuwa kwenye rasimu yenu kabisa, kwa hiyo nalo liingize kwenye maswali ya shangazi kabla hujaliingiza kwenye hati.